Barua Niliyomtaja Mama

Haya yalinifika mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na jirani, wala na binamu wa jirani. Sikuwa na homa siku ile, sikuwa na usingizi, na chai niliyokuwa nimekunywa ni ya kantini ya shule, ambayo haina nguvu ya kumlevya hata nzi. Ukitaka kutabasamu, tabasamu sasa umalize. Jina langu sikutajii. Si kwamba nakudharau, ila siku hizi simtajii mtu ovyo, na ukinisikiliza utaelewa sababu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumbani ni Mtongwe, upande wa Likoni, na naishi na mamangu, sisi wawili tu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na ndugu sina. Mama alinisomesha kwa kushona kofia za vito, zile za kutoboa vitundu kwa sindano na kuvizungushia uzi kimoja kimoja mpaka macho yanakataa. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilikaa nyumbani muda mrefu nikingoja kazi, na yeye akaendelea kushona. Kwa hiyo nilipoitwa na shule moja ya Kisauni, huko Mishomoroni, kuchukua darasa la Gredi ya Nne katikati ya mwaka, sikuuliza maswali mengi. Ningechukua hata darasa la simba.

Sasa, kama hujawahi kupokea darasa katikati ya mwaka, nikueleze. Ni kama kuolewa kwenye nyumba ambayo mke wa kwanza bado anapendwa. Mwalimu niliyempokea, Mwalimu Riziki, alikuwa na watoto wale tangu Gredi ya Kwanza. Alihamishwa ghafla, akaenda Lamu. Siku yangu ya kwanza mtoto mmoja alinitazama akaanza kulia, na wenzake wakamfuata, darasa zima. Wazazi nao walikuwa wameshawaka kwenye kundi lao la simu. Nani huyu? Ametoka wapi? Mitihani itakuwaje? Kuna aliyesema atamhamisha mwanawe.

Mwalimu mkuu, mtu wa Kaloleni, mtaratibu, mwenye kuvaa tai hata kwenye joto la Machi, aliniita ofisini.

"Mwalimu, waandikie wazazi barua ya kujitambulisha," akaniambia. "Ukurasa mmoja, usizidi. Iandike kwa Kiswahili, kuna watoto wanaolelewa na bibi zao. Na isiende kwa simu kwanza, iende kwa karatasi, si kila mtu ana simu ya kisasa."

Akanipa na mambo ya kuandika. Jina langu, nilikosomea, siku niliyoanza. Kuhusu Mwalimu Riziki, sentensi moja tu: amehamishwa, tunamshukuru. Sababu zake si zangu kuzitangaza, na nisimsifu kupita kiasi wala nisijilinganishe naye. Halafu, kwa maneno yake, lile ambalo mzazi analitafuta kwa macho hata kabla ya salamu: nini kinabadilika na nini hakibadiliki. Hapo nilitumia kumbukumbu za makabidhiano alizoniachia Mwalimu Riziki. Alikuwa mwanamke makini. Aliandika kila somo lilipofikia, kwenye Hisabati wako katikati ya mada ya sehemu, zile nusu na robo, kwenye Kiswahili wamemaliza insha za wasifu, nani haoni vizuri akikaa nyuma, nani huja bila kula. Basi nikaandika kwamba tutaendelea palepale alipoishia, kwamba kazi ya kusoma nyumbani inabaki Jumatatu na Jumatano kama zamani, na kwamba waliokaa mbele kwa ajili ya macho watabaki mbele. Mwisho nikaweka siku ya kuonana, Alhamisi baada ya masomo, mzazi au mlezi yeyote karibu. Chini kabisa, mstari wa nukta na kipande cha kukata: mimi mzazi wa fulani nimeisoma barua hii, sahihi, tarehe.

Nilijivunia barua ile. Kabla ya kwenda kuipiga chapa nikamwonyesha Bi Fatuma, mwakilishi wa wazazi wa darasa letu, ambaye ana duka la vitambaa karibu na lango la shule. Aliisoma amesimama, akaigeuza nyuma kuona kama imeendelea.

"Mwanangu, hii barua ya benki," akasema.

"Ina kasoro gani, Bi Fatuma?"

"Haina kasoro, ndiyo kasoro yake. Wewe mtoto wa nani? Kwenu wapi? Mtu akishajua mwana wa nani, moyo hutulia. Cheti chako wakifanyie nini?"

Alisema kweli, wallahi. Wewe mwenyewe, ukikutana na mtu wa pwani mara ya kwanza, swali la pili si hilo? Nikarudi, nikaongeza mstari baada ya jina langu. Nikaandika kwamba mimi ni binti wa fulani, nikalitaja jina la mama lote, wa Mtongwe, na kwamba pengine baadhi yao wanazijua kofia zake. Mwalimu mkuu alipoisoma mara ya mwisho akaguna pale kwenye mstari wa mama, akasema si desturi ya barua za ofisi, lakini kama wazazi wataupenda, sawa. Akatia sahihi, akagonga mhuri. Barua zikaingia mifukoni mwa watoto Jumatatu.

Na ilifanya kazi. Vipande vilirudi haraka kuliko nilivyotarajia, vingine vikiwa na maneno pembeni. Kumbe wewe wa Mtongwe. Msalimie mamako. Bibi mmoja aliandika kwamba marehemu mumewe alizikwa na kofia ya mama. Niliisoma hiyo nikalia kidogo, nakuambia ukweli. Yule aliyetaka kumhamisha mwanawe akanyamaza.

Alhamisi wakaja wazazi. Walikaa kwenye viti vya watoto magoti yakiwagusa kidevu, wakauliza ya kuuliza, wakaondoka. Mimi nikabaki nikisahihisha madaftari. Mvua ilikuwa imetishia mchana kutwa bila kunyesha, na upepo ulikuwa unaubamiza mlango wa darasa la jirani, unanyamaza, unaubamiza tena. Sikutulia tangu adhuhuri. Sijui kwa nini. Nilikuwa nainuka, nachungulia dirishani, nakaa, nainuka. Nilipanga kuondoka mapema niwahi feri kabla ya magharibi, lakini kila nikifunga mkoba nakumbuka daftari lingine.

Adhana ya magharibi ilikuwa bado, ila jua lilikuwa limeshakwenda. Nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi, binti..." Ikataja jina la mama.

"Karibu," nikasema. Ningesema nini? Kwenye barua si niliwaambia mwenyewe, karibuni?

Akaingia mwanamke wa makamo, buibui jeusi, uso wazi. Niulize sura yake. Siwezi kukuambia. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka na kila nikijaribu naona uso wa kawaida tu, uso wa mtu yeyote uliyempa kisogo sasa hivi. Alikuwa na barua yetu mkononi, imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo. Akapita mbele yangu akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa.

"Karibu mbele, mama. Wewe ni mzazi wa nani?"

"Nimekuja kuhusu barua," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. "Umesema kazi ya nyumbani inabaki Jumatatu na Jumatano."

"Ndiyo. Inabaki Jumatatu na Jumatano, kama kwa Mwalimu Riziki."

"Inabaki Jumatatu na Jumatano," akarudia, "kama kwa Mwalimu Riziki."

Nikadhani ni mtu wa kurudia maneno, wapo. Akaendelea. Aliifuata barua mstari kwa mstari bila kuikunjua. Umesema mtaendelea palepale alipoishia. Nikamweleza sehemu ni nini na kwa nini tusianze mada mpya. Akayarudia maelezo yangu yote. Umesema wa macho watabaki mbele. Nikamjibu, akarudia. Na nikaanza kuhisi vibaya, nisijue vibaya vipi, kama vile umesahau jiko linawaka nyumbani. Mpaka pale nilipokohoa katikati ya sentensi, naye aliporudia sentensi, akakohoa palepale.

Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Ile sauti kavu haikuwepo tena. Aliyekuwa anaongea kutoka dawati la nyuma ni mimi. Sauti yangu, na ile lafudhi yangu ya Mtongwe ambayo nikiwa chuo walikuwa wananicheka nayo. Alikuwa ananiulizauliza ili niongee, na kila nikiongea anachukua.

Nikafunga mdomo. Nikaapa moyoni sitasema hata neno moja zaidi. Yeye akanitazama. Kisha akaniita.

Aliniita jina langu kwa sauti ya mama. Si ya kufanana na mama. Ya mama, anaponiita kutoka jikoni akitaka nimshikie chungu, ile ya kuvuta mwisho wa jina na kuchoka kidogo.

Na mimi nikaitika, "Abee."

Usinilaumu. Mtoto wa kike aliyelelewa nyumba yetu haitiki kwa akili, anaitika kwa damu. Ukiitwa na mamako unasema abee kabla hujajua umesema. Nimepigwa konzi utotoni kwa kuchelewa kuitika, na nilivyolelewa ndivyo nilivyomjibu yule.

Akainuka. "Basi ndiye," akasema kwa sauti yangu. Akatoka taratibu, akaufunga mlango vizuri bila kuubamiza, kama ninavyowafundisha watoto.

Sijui nilikaa muda gani. Niliposikia adhana nikakusanya mkoba, nikaacha madaftari mezani, nikakimbia. Langoni Mzee Katana, askari wetu, alikuwa anawasha taa. Aliniona akarudi nyuma hatua.

"Mwalimu, si ushatoka?"

"Nimetoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimekufungulia mwenyewe. Ukaniambia wakimbilia kwa mamako."

Sikiliza. Mpaka hapo nilikuwa naogopa kwa ajili yangu. Neno lile la mzee likanigeuzia hofu kwa mama. Nilimwona mama kwa macho ya moyo, peke yake barazani, sindano mkononi, na nilijua barua yangu imeeleza wapi pa kumpata, na nimemwitikia mtu ambaye sasa anayo sauti yangu.

Nikapiga simu ya mama. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, vilevile. Nikadandia bodaboda, nikamwambia feri, mbio. Nikiwa juu ya pikipiki nikampigia Mama Kadzo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Nisaidie, nenda kwa mama umtazame."

Mama Kadzo akacheka. "Na wewe wanichezea? Si nimekuona ukiingia kwenu sasa hivi? Hata salamu hukunipa."

Kutoka Mishomoroni hadi Mtongwe, jioni, uvuke daraja la Nyali, ukate mji, ungoje feri, uvuke. Yeye alikuwa ameshafika.

Nikamwambia, "Mama Kadzo, nisikilize. Niko Nyali darajani. Uliyemwona si mimi. Ingia umshike mama, usimwache, usiku huu ukinipenda usimwache."

Sijui watu wa mahali pengine wangefanya nini, pengine wangenicheka zaidi. Mama Kadzo ni mtu wa Kinango, amezaliwa bara huko na ameyaona yake. Alikata simu.

Feri ile sitaisahau. Abiria walisimama bega kwa bega, wengine wanakula kashata, wengine wanaongea habari za mpira, na mimi nilikuwa nazunguka pale katikati yao nisipate pa kuweka mwili. Mtu mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nilipofika, mama alikuwa amekaa chini sebuleni kwa Mama Kadzo, leso imeteleza mabegani, miguu ina tope, na Mama Kadzo amemkumbatia kwa nyuma mikono miwili. Mama Kadzo alimkuta mlango wa uani, umefunguliwa, mama anashuka kwenda kwenye vichaka vya nyuma bila viatu. Alikuwa peke yake. Lakini alikuwa anaongea.

Aliponiona, mama akakunja uso. Alikasirika, si kuogopa.

"Wewe wataka nini kwangu?" akaniuliza. "Si wewe uloniita? Waniambia niiwate kofia chini, waniambia nitoke twende, nangoja kuvaa viatu wasema huna wakati. Mbona wanikimbiza gizani mtu mzima mimi?"

Nikapiga magoti. Nikamwita mama, mara moja tu, kwa sababu alipoisikia sauti yangu niliona anavyojikunyata. Hapo nikalia kweli.

Ustadh alikuja akasoma, usiku ule na siku zilizofuata. Aliniuliza kama kuna mahali nimelitoa jina langu pamoja na la mama. Nikamwonyesha nakala ya barua. Akaisoma yote kimya, halafu akauliza, kwa upole sana, kama sikuwahi kusikia kwamba waganga wakitaka kumpata mtu huuliza majina hayo mawili tu. Nilikuwa nimesikia. Nani hajasikia, huku kwetu? Ila hayo nilijua ni ya uganga, na mimi nilikuwa naandika barua ya shule yenye mhuri.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Sikutegemea aniamini, na hakusema ameniamini. Alisema tu kwamba barua ikiwa na kosa hurekebishwa. Tukaandika nyingine, ile ile bila mstari wa mama, tukaomba wazazi warudishe ya kwanza. Na zilirudi. Nilizihesabu moja moja na wanafunzi wangu, zilitimia, hakuna iliyopungua. Basi yule aliishika ipi? Nimeliacha swali hilo, maana nikilishika silali.

Darasa niliendelea nalo, na wazazi wananipenda, nashukuru. Ila nyumbani hakupoa. Mara moja moja, jua likishakwenda, mama anainua kichwa na kuuliza nasemaje, na mimi sikusema kitu. Mara moja moja mimi nasikia jina langu kutoka jikoni, na mama amelala chumbani. Kwa hiyo tulikubaliana. Hatuitani. Mimi nikimtaka namfuata nimguse bega, na yeye vivyo hivyo. Nikirudi kazini sipigi hodi, wala salamu sitoi mpaka nimshike mkono. Wageni wanadhani tumegombana. Nimeishi na mamangu nyumba moja na sijamwita mama kwa sauti tangu mwaka ule.

Tukaona tumeshinda. Sasa nisikilize hili la mwisho.

Juzi juzi nilikuwa chumbani napanga mitihani, magharibi, nikasikia jina langu. Limetoka msalani. Ile sauti yake, ya kuvuta mwisho wa jina. Nikanyamaza. Likaja tena, na tena, limechoka zaidi. Nikaziba masikio kwa mto, nikasoma nilichojua kusoma, na nilijisifu, nakuambia, nilijisifu kwamba safari hii sikuitika. Ikanyamaza.

Nilipotoka kwenda kutia udhu nilimkuta mama sakafuni. Alikuwa ameteleza, nyonga imevunjika. Alikuwa ameniita mpaka sauti ikamwisha. Hakunilaumu. Alinigusa bega, kama tulivyokubaliana.

Sasa yuko kitandani, na usiku akiumwa ananiita, na kila akiniita mimi nasimama kwanza mlangoni kwangu, katika giza, nikijiuliza.

Kwa hiyo wewe mwalimu unayepokea darasa la mwenzio, au wewe unayeanza kazi mpya popote, ukitakiwa ujitambulishe, jitambulishe. Andika jina lako na kazi yako, andika ulikosomea, waambie watu nini kitabadilika. Wakikuuliza wewe mtoto wa nani, wajibu kwa mdomo, mchana, uso kwa uso, na watu unaowaona. Mamako usimwandike.